Droo ya pesa haifunguki

"Nipo Igoma, Mwanza. Printa inatoa risiti vizuri, ila waya wa droo hauingii kwenye kompyuta. Nauchomeka wapi?"

Ndugu, waya huo ni wa printa. Zima printa, uchomeke nyuma yake kwenye tundu linalofanana na la simu ya mezani, mara nyingi limeandikwa DK. Usichomeke laini ya simu humo, utaunguza kitu. Printa nyingi hutoa hapo volti 24 kwa kitambo kidogo, koili iliyo ndani ya droo inavuta lachi inayoifunga, droo inaruka. Kwa hiyo hakikisha droo yako ni ya volti hizohizo. Halafu kwenye mipangilio ya draiva, chagua droo ifunguke kabla ya kuchapa.

Ukisikia "tak" bila kufunguka, angalia ufunguo, huenda imelokiwa. Ikiwa kimya, rudi kwenye mipangilio ileile ya draiva, badili droo 1 iwe 2.