Pesa za Mzee Hazikutoka Kwenye Akaunti Yake

Swali la wiki: "Je, ni haki benki kumkopesha mtu mwingine akiba yako bila kukuuliza?"

Mhariri, nilikuwa karani wa benki hapa Nakuru hadi nilipostaafu, na swali hili limenigusa. Kila mara kwenye matatu ya Njoro nasikia watu wakisema benki hupokea pesa za huyu asubuhi na kumpa yule jioni, halafu inakula riba katikati. Nataka kueleza kwanza kama akiba hiyo huguswa.

Kulikuwa na mzee mmoja, mkulima wa upande wa Molo, aliyekuwa na akiba nzuri kwetu. Jirani yake, ambaye walikuwa na kesi ya mpaka, alisikika akisema amepata mkopo wa 900,000 katika tawi letu hilo hilo. Mzee alifika kaunta mapema, kofia mkononi, akaniambia, "Binti yangu, sitaki pesa zangu zipewe mtu yule. Wape wengine, lakini si yule." Hakuwa akitania. Alinipa kitabu chake cha akiba nikitazame, akasimama hapo hapo akingoja. Nilifungua akaunti yake, nikamsomea salio. Ilikuwa ile ile, hata senti haikupungua. Akauliza, "Basi zile laki tisa zake zimetoka wapi?" Foleni ilikuwa ndefu nyuma yake na sikuwa na nafasi ya kumjibu vizuri. Najibu sasa.

Siku mkopo ule ulipopitishwa, maandishi mawili yaliingia kwenye leja. Upande wa mali ya benki iliandikwa kwamba jirani anadaiwa 900,000. Upande wa madeni ya benki iliandikwa kwamba benki nayo inadaiwa na jirani kiasi hicho hicho, kama amana kwenye akaunti yake ya hundi. Hakuna mteja aliyepunguziwa salio, na hakuna noti iliyotolewa kwenye sefu. Asubuhi ile amana za tawi zilikuwa kiasi fulani. Jioni zilikuwa kiasi kile kuongeza laki tisa. Pesa ambazo hazikuwepo Nakuru wala kwingineko sasa zilikuwepo, na mtu angeweza kuzitumia. Sisi tulisomeshwa shuleni kwamba benki hupokea amana, huweka kando sehemu, kisha hukopesha inayobaki. Nilichokiona kazini kilikuwa kinyume: mkopo hutangulia, nao ndio huzaa amana.

Msomaji atauliza, kama ni hivyo, kwa nini benki isiandike mikopo mchana na usiku? Hapo ndipo jirani yule anapotusaidia. Alinunua trekta la mtumba kwa 650,000 kutoka kwa mtu mwenye akaunti benki nyingine, akamwandikia hundi. Hundi ilipofika kwenye ulipanaji wa mabenki, benki ile haikutaka maandishi yetu. Ilitaka kulipwa kwa pesa zilizo kwenye akaunti yetu Benki Kuu, na hizo hatuwezi kuzizaa sisi. Kwa bahati siku kama hiyo wateja wa mabenki mengine nao huandika hundi za kutulipa sisi, kwa hiyo kinachohama ni tofauti tu. Lakini benki ikikopesha kwa kasi kuliko wenzake, tofauti hiyo huigeukia kila jioni, na lazima itafute amana au ikope kwa mabenki mengine ili izibe. Hapo ndipo akiba ya mzee ilipokuwa na kazi: haikukopeshwa, ila ilisaidia benki isiishiwe wakati wa kulipana. Alama ya kwanza ya benki inayobanwa huonekana hapo, inapoanza kuahidi riba kubwa kuliko wenzake kwa wenye amana za muda maalumu.

Kuna kile kiwango cha lazima ambacho kila benki huweka Benki Kuu, na watu hudhani ndicho breki. Mwezi Februari 2025 kilishushwa kutoka asilimia 4.25 hadi 3.25. Kwa amana ya 900,000, hiyo ni 29,250 tu. Kama ndiyo ingekuwa breki pekee, kila shilingi iliyowekwa Benki Kuu ingebeba takriban shilingi thelathini za amana, na sote tunajua mikopo haikufurika mitaani baada ya Februari ile. Breki yenye meno zaidi ni mtaji. Kila benki ya biashara nchini Kenya hutakiwa iwe na mtaji usiopungua asilimia 14.5 ya mali yake baada ya kupimwa hatari. Mkopo wa 900,000 unaohesabiwa kwa uzito kamili unahitaji 130,500 za wenye benki wenyewe nyuma yake. Na hata mtaji ukiwepo, lazima apatikane mtu wa kukopa anayeweza kulipa.

Sasa nirudi kwa jirani, kwa sababu kuna jambo ambalo mzee mwenyewe hakuliona. Baada ya kununua trekta, jirani alikosa nyasi za ng'ombe kiangazi kile. Aliyekuwa na marobota karibu ni mzee. Kesi au si kesi, ng'ombe lazima wale, na walipatana kupitia mtoto wa mzee kwa hundi ya 90,000. Niliipokea mimi mwenyewe kaunta. Kwa kuwa wote wawili walikuwa wateja wetu, Benki Kuu haikuhusika. 90,000 zilitoka kwa mmoja zikaingia kwa mwingine. Mzee aliyekuja kuzuia pesa zake zisiende kwa jirani alikuwa sasa ameweka kama akiba pesa zilizozaliwa na mkopo wa jirani. Sehemu kubwa ya yale tunayoyaita akiba zetu ilianza safari hivyo, kama deni la mtu tusiyemjua.

Na pesa hizo hufa pia. Kila mwezi jirani alipolipa, ile sehemu ya mkopo wenyewe ilipunguza salio lake na deni lake kwa pamoja, zikatoweka. Riba ndiyo iliyobaki kwa benki kama mapato yake, na ndiyo iliyolipa mishahara yetu.

Nilipoanza kuandika nilikuwa tayari kusema mzee alikosea na swali lenu limekosea pamoja naye. Sasa naona sivyo. Jirani angeshindwa kulipa, hasara ingeanza kula mtaji wa wenye benki, na mikopo mibaya ikizidi mtaji, wanaofuata ni wenye amana. Chase Bank ilipowekwa chini ya usimamizi Aprili 2016, na Imperial kabla yake Oktoba 2015, kila moja kwa sababu zake, waliozuiwa mlangoni ni watu waliokuwa na salio zisizo na kasoro kwenye vitabu vyao. Tangu 2020 Shirika la Bima ya Amana humlinda mteja hadi 500,000 kwa benki moja. Aliye na zaidi ya hapo, kama mzee alivyokuwa, anabeba sehemu ya hatari ya kila mkopo bila kuulizwa.

Kwa hiyo jibu langu: pesa zake hazikukopeshwa, lakini alikuwa na haki ya kuuliza nani anakopeshwa. Sisemi kila mteja apewe kura juu ya jirani yake, maana kwa chuki ya mipaka tunayoijua huku Bonde la Ufa hakuna ambaye angepata mkopo. Nasema benki ingemweleza kwa jumla ni sehemu gani ya mikopo yake hailipwi. Takwimu hizo huchapishwa kwenye hesabu za kila robo mwaka, na sheria hutaka zibandikwe tawini. Kwetu zilikuwa ukutani nyuma ya mlango, na mlango ulikuwa wazi kutwa nzima.