Elimu, mwalimu, maalumu: undugu au bahati?

"Elimu, mwalimu na maalumu yana undugu, au yanafanana kwa bahati tu?"

Ni ndugu wa damu. Yote yametoka kwenye herufi tatu za Kiarabu, ayn, lam na mim, zenye maana ya kujua. Irabu na viambishi vinavyozizunguka ndivyo vinavyogawa kazi: ilm ni ujuzi, muallim ni anayewajulisha wengine (lam inatamkwa kwa mkazo, ndiyo inayoleta hiyo maana ya kufundisha), na maalum ni kilichojulikana.

Umbo hilo la mwisho linahamishika kwenye mizizi mingine. Herufi za rehema zinatoa marehemu, yaani aliyerehemewa. Za kuhabisi zinatoa mahabusu, aliyefungwa. Nikiwafundisha sarufi watoto wa madrasa, hapa ndipo wanapochangamka, maana maneno wanayo tayari.

Wapo wanaosema kwamba mwalimu ana m- ya Kibantu, nao wako sawa nusu. Ile mu- ilikuja na neno lenyewe kutoka Kiarabu, ila Waswahili wakaichukulia kuwa yao, ndiyo maana tunasema walimu.

Angalizo: msiamini sikio peke yake. Kalamu na kalima yanasikika kama ndugu, lakini kalamu kwa Kiarabu inaanza na qaf na kalima inaanza na kaf. Kiswahili kimeziunganisha sauti hizo, na ayn ya elimu hatuitamki kabisa. Rudini kwenye maandishi ya Kiarabu kwanza.