Kutu kwa mizani, kutu kwa mkondo: namna ya kuzipatanisha hesabu mbili

Ukipima ulikaji wa chuma kwa njia mbili kwa wakati mmoja, karibu kila mara utapata majibu mawili. Mizani inasema milimita 0.15 kwa mwaka, kifaa cha mkondo kinasema 0.09. Nimeona watu wakichagua jibu linalowapendeza na kulitupa la pili, au wakajumlisha yote mawili na kugawa kwa 2. Ushauri wangu ni mwingine: usichague na usigawe. Rudisha namba zote mbili kwenye kulombi, yaani kiasi cha umeme kilichopita, ndipo utaona tofauti imetoka wapi.

Nitaeleza kwa mfano wa aina ninayoifanya mara nyingi: nguzo za chuma za gati kwenye mwambao wetu wa bahari. Tarakimu nimezirahisisha ili mtu aweze kuzifuata kwa kikokotoo cha simu.

Tunachukua kipande cha chuma cha kawaida cha ujenzi, tunakiita kuponi, chenye urefu wa sentimita 7.5, upana 5 na unene 0.3. Ukihesabu pande zote sita unapata eneo la sentimita za mraba 82.5. Tundu la kamba linabadilisha eneo hilo kwa chini ya nusu asilimia, kwa hiyo silihangaikii. Ninachokihangaikia ni kamba yenyewe. Iwe ya nailoni, na kuponi isiguse nguzo wala waya wowote wa chuma. Ikigusa nguzo yenye kinga ya umeme, nayo italindwa, na utarudi na kuponi safi ya kukudanganya.

Kabla ya kuizamisha tuliisafisha kwa asetoni, tukaikausha na kuipima: gramu 87.316. Ilikaa majini siku 60, sawa na saa 1,440. Ilipotoka ilikuwa imevaa kutu na chaza wadogo, na hapo ilikuwa nzito kuliko ilivyoingia, jambo la kawaida kabisa. Uzito wenye maana ni ule wa chuma kilichobaki baada ya kutu yote kuondolewa.

Kuondoa kutu ndiko kunakoharibu vipimo vingi. Chaza na tabaka laini tunazitoa kwa kibanzi cha plastiki na brashi. Kilichong'ang'ania tunakitoa kwa asidi haidrokloriki iliyotiwa oksidi ya antimoni na kloridi ya stanasi, ambazo huizuia asidi isile chuma chenyewe. Kazi hiyo hufanyika kwenye kabati la kufyonza mvuke, na glavu na miwani viko mwilini, kwa kuwa antimoni ni sumu. Hata hivyo asidi hula chuma kidogo. Kwa hiyo ndani ya beseni lilelile weka kuponi mpya ambayo haijawahi kuona bahari, uisafishe kwa dakika zilezile, uipime kabla na baada. Yetu ilipoteza gramu 0.022. Ya baharini ilipima gramu 85.694, upotevu wa 1.622. Ukitoa 0.022 iliyoliwa na asidi, bahari ilichukua gramu 1.600.

Utajuaje kutu imeisha? Safisha kwa awamu fupifupi, ukipima kila awamu. Mwanzoni uzito unashuka haraka, kisha mteremko unalegea na kuwa sawa na ule wa kuponi mpya. Kuanzia hapo unakula chuma tu, basi simama.

Sasa hesabu. Gramu zilizopotea ukizigawa kwa eneo, muda na densiti ya chuma, ambayo ni 7.87, unapata sentimita kwa saa. Mwaka una saa 8,760 na sentimita ina milimita 10, ndiyo maana kwenye vitabu utaikuta namba 87,600 mbele ya kanuni. CR ni kasi ya ulikaji, W gramu zilizopotea, A eneo, t saa na D densiti.

```
CR = 87600 × W / (A × t × D)
   = 87600 × 1.600 / (82.5 × 1440 × 7.87)
   = 0.150 mm/mwaka
```

Upande wa mkondo tulitumbukiza kuponi ya pili ya chuma hichohicho, yenye eneo lilelile, iliyofungwa waya uliozibwa vizuri ili itumike kama elektrodi. Kifaa kinausukuma uso wa chuma kwa milivolti chache tu na kusoma ukinzani wake, Rp. Siku ya 15 kilisoma omu 22.5. Hapa wengi hujikwaa: ukinzani huo unazidishwa kwa eneo, haugawanywi. 22.5 mara 82.5 ni 1,856, na kipimo chake ni omu mara sentimita ya mraba. Kisha unagawa namba inayoitwa B kwa ukinzani huo. Stern na Geary walionyesha mwaka 1957 kwamba B hutokana na namna chuma kinavyoitikia msukumo wa volti. Kwa chuma kinacholika waziwazi huchukuliwa milivolti 26. Jibu ni mikroampea 14 kwa sentimita ya mraba.

Kutoka hapo kwenda kwenye milimita tunamhitaji Faraday. Kila moli ya elektroni ni kulombi 96,485. Atomu ya chuma ikiyeyuka huacha elektroni 2, hivyo kulombi hizo huondoka na nusu ya gramu 55.85, yaani 27.92. Mikroampea 1 kwenye sentimita 1 ya mraba, ikikaa mwaka mzima, ni kulombi 31.5. Hizo ni gramu 0.00913 za chuma. Zigawe kwa 7.87 na ugeuze kuwa milimita, i ikiwa ni mkondo kwa mikroampea kwa sentimita ya mraba:

```
CR = 0.00327 × i × (55.85 / 2) / 7.87
i = 1 µA/cm²  →  0.0116 mm/mwaka
```

Ikariri hiyo 0.0116, itakufaa sana ukiwa kazini. Ila iangalie ile 2. Kwa kuwa kutu ya kahawia ina chuma chenye chaji 3, wapo wanaoweka 3 kwenye kanuni. Chuma kwenye maji ya bahari huondoka usoni kikiwa na chaji 2. Elektroni ya tatu huchukuliwa na oksijeni baadaye, nje ya uso, na haipiti kwenye chuma chako. Ukiweka 3, jibu linapungua kwa theluthi nzima, na upungufu huo uko upande wa hatari.

Tuje kwenye ugomvi wenyewe. Usomaji wetu wa mkondo, kwa mikroampea kwa sentimita ya mraba, ulikuwa 40 siku ya 1, 22 siku ya 5, 14 siku ya 15, 10 siku ya 30 na 8 siku ya 60. Usomaji wa mwisho ukizidishwa kwa 0.0116 unatoa milimita 0.093 kwa mwaka. Wastani wa namba hizo tano ni 18.8, ambao unatoa 0.218. Mizani ilitoa 0.150. Namba tatu kwa chuma kimoja, na mwenye gati anasubiri ripoti.

Mizani ilihesabu jumla ya siku zote 60. Usomaji wa mkondo ni wa dakika ile tu. Na siku zetu za kupima zilirundikana mwanzoni, wakati kutu ilikuwa bado haijajenga tabaka la kuizuia oksijeni isifike kwenye chuma. Wastani wa kawaida unazipa siku hizo za mwanzo uzito usiostahili. Dawa ni kutafuta eneo chini ya mchoro. Chukua kila jozi ya usomaji, tafuta wastani wake, zidisha kwa siku zilizo katikati:

```
0–1     40 × 1          =  40
1–5     (40+22)/2 × 4   = 124
5–15    (22+14)/2 × 10  = 180
15–30   (14+10)/2 × 15  = 180
30–60   (10+8)/2 × 30   = 270
jumla                   = 794
794 / 60 = 13.2 µA/cm²  →  0.153 mm/mwaka
```

Kwa lugha ya kulombi: mkondo unasema zilipita kama 5,660 kwenye kuponi nzima. Gramu 1.600 za mizani zinadai 5,529. Zimekubaliana. Usitegemee zikaribiane hivi kila safari. Mimi hata moja ikiwa mara moja na nusu ya nyingine siishangai.

Zikikataa kabisa, mshukiwa wangu wa kwanza ni B. Mtu akitumia 52, namba ya chuma chenye utando wa kinga, mkondo wote unakuwa maradufu na kulombi zinafika zaidi ya 11,000. Mizani haiijui B, kwa hiyo itumie kuirekebisha: gawa kulombi za mizani kwa kulombi za mkondo, zidisha B uliyoanza nayo. Kwetu inatoka 25.4. Baada ya hapo kifaa kinaweza kuaminika miezi mingi mahali palepale kwenye maji yaleyale, bila kutoa kuponi kila mara. Maji yakibadilika, kwa mfano mto ukifurika na kuleta maji baridi na tope, rudia.

Kuna jambo kuhusu neno "kwa mwaka". Ile 0.150 ni kasi ya siku 60 iliyonyooshwa kuwa mwaka, ikiwa na mwanzo wake mkali ndani. Ndiyo maana ninatundika kuponi zaidi ya moja na kutoa nyingine siku ya 30. Ya kwetu ilikuwa imepoteza gramu 1.056. Tofauti ya 0.544 ndiyo iliyoliwa siku 30 za pili, na hesabu yake inatoa milimita 0.102 kwa mwaka, karibu na 0.104 inayotokana na mkondo wa kipindi hicho. Kwa miaka ijayo ninaegemea namba hii, siyo 0.150.

Na milimita hizo zote zinadhani chuma kinaisha sawasawa kama sabuni. Katika siku 60 uso wetu ulipoteza kwa wastani milimita 0.025, lakini kishimo kirefu kuliko vyote, kilichopimwa kwa kipimo cha kina chenye ncha, kilikuwa 0.12. Karibu mara 5. Ukitaka kujua nguzo itabeba mzigo miaka mingapi, wastani unafaa, ukikumbuka kuzidisha kwa 2 pale chuma kinapoliwa pande zote mbili. Ukitaka kujua bomba litatoboka lini, uliza kishimo. Mizani na mkondo vyote viwili havikioni.

Vilevile kuponi inasema habari za kina ilipotundikwa tu. Pwani yetu maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua, na chuma kilicho kwenye ukanda wa mawimbi, au kile kilicho chini kidogo tu ya mstari wa maji kupwa, kinaweza kuliwa mara kadhaa zaidi ya kilichozama daima. Kwa hiyo kwenye ripoti ninaandika kina cha kuponi, tarehe za kuingia na kutoka, B niliyotumia na kishimo kirefu zaidi, kando ya kila namba ya milimita kwa mwaka. Kisha ninaomba kipimo cha unene kwa mawimbi ya sauti kwenye mstari wa maji kupwa, nguzo kwa nguzo.