Mtoto mwenye tiki: kazi yote ipo kabla shingo haijaruka

Hapa Mbeya mtoto akianza kuvuta pumzi puani kila mara bila mafua, kila mtu atakwambia ni baridi ya Juni na Julai. Akianza kupepesa macho, ni vumbi au moshi wa kuni. Ila akianza kurusha shingo, hapo maneno hubadilika. Wengine watasema ni pepo, wengine watasema ni utundu, na mwalimu anaweza kuona anakejeliwa. Mwanangu alipita kwenye hayo yote kwa mpangilio huohuo, kuanzia alipokuwa darasa la kwanza, na kilichokuwa kinamsumbua muda wote ni kitu kimoja: tiki.

Tiki ni mjongeo au sauti ya ghafla inayojirudia bila mtoto kuipanga. Mara nyingi huanza kati ya miaka mitano na saba, huwa kali zaidi karibu na miaka kumi hadi kumi na miwili, kisha kwa watoto wengi hupungua wakiingia utu uzima. Huja na kupoa, hubadilisha sura, na huzidi mtoto akichoka, akifurahi sana au akiwa na wasiwasi. Chanzo chake kipo kwenye mifumo ya ubongo inayoongoza mijongeo, wala si malezi.

Kabla ya yote, daktari amwone mtoto. Tiki haimfanyi mtoto apoteze fahamu. Haimwangushii kikombe mkononi wala haiharibu mwandiko wake ghafla. Ukiona hayo, wahi hospitali, kwa sababu inaweza kuwa kifafa, au ule ugonjwa unaofuata maambukizi ya koo, ambao hugusa ubongo na unaweza kudhuru moyo pia. Ninayoeleza kuanzia hapa ni kwa mzazi ambaye tayari ameambiwa kwamba ni tiki.

Mtaalamu wa saikolojia aliyetusaidia alitufundisha njia inayoitwa mafunzo ya kugeuza mazoea, iliyoandikwa na Wamarekani wawili, Azrin na Nunn, mwaka 1973. Mwaka 2010 ilichapishwa huko Marekani tafiti iliyowafuatilia watoto 126 wa miaka tisa hadi kumi na saba. Baada ya wiki kumi, zaidi ya nusu ya waliofundishwa njia hii, pamoja na nyongeza zake, walipata nafuu kubwa. Kwa waliopewa ushauri na maelezo tu, haikufika hata mmoja kati ya watano. Kwa hiyo inasaidia wengi, lakini si wote, na haiondoi ugonjwa wenyewe.

Kitu cha kwanza nilichoelewa ni kwamba tiki ina mlango wake wa kuingilia. Watoto wengi wakubwa kidogo huhisi jambo mwilini kabla haijatokea, kama chafya inavyojitangaza puani kabla hujaipiga. Mwanangu alikuwa hajawahi kulitaja kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Mtaalamu alimkalisha mbele ya kioo akamwomba aeleze tiki yake polepole, kipande kwa kipande. Ikajulikana kwamba bega la kulia linapanda kidogo kwanza, macho yanahama, ndipo kichwa kinaruka kulia. "Na kabla bega halijapanda?" Mtoto akanyamaza, akashika chini ya sikio. "Hapa panabana. Nikirusha, panaachia."

Huko kubana ndiko kulikokuwa kunatafutwa. Baada ya hapo walipiga stori za mpira, na kila shingo iliporuka mtoto alinyanyua kidole. Mwanzoni alikosa nyingi, mtaalamu akawa anamwonyesha kwa upole. Alipozoea, akatakiwa kunyanyua kidole anapohisi kubana, shingo ikiwa bado imetulia. Hatua hii isirukwe. Mtoto asiyejua tiki inakaribia hana pa kuikatiza, na ndiyo maana kwa wadogo sana, ambao bado hawauhisi msukumo huo, njia hii huwa ngumu zaidi.

Ndipo likaja tendo la kupinga. Ni mkao ambao mwili hauwezi kuufanya sambamba na tiki, usioonekana kirahisi kwa watu, na unaowezekana popote, iwe darasani, kanisani au kwenye daladala ya Mwanjelwa. Kwa shingo ya mwanangu lilikuwa hivi: anatazama mbele, anashusha kidevu kidogo kuelekea kifuani, anakaza misuli ya shingo kwa nguvu ndogo, huku akipumua kawaida. Anakaa hivyo dakika moja, au mpaka kubana kuishe, kwa kufuata kile kinachochukua muda mrefu zaidi. Shingo ikimwahi ikaruka, analifanya palepale baada yake.

Urefu wa muda huo ndio wengi wanaoukosea. Mtoto akishikilia kidogo tu kisha akaachia, kubana kunakuwa bado kupo na tiki inarudi mara moja. Akivumilia mpaka kupungue kwenyewe, anajifunza kwamba kunapita hata asiporusha shingo. Wataalamu wengi wanadhani ubongo nao huzoea hivyo taratibu, na msukumo unafifia. Kumwambia mtoto "acha!" ni jambo jingine kabisa, kwa sababu hapo ana amri tu na hana la kufanya. Nimesikia wazazi wakiogopa kwamba tiki iliyozuiwa italipuka baadaye kwa nguvu, lakini watoto waliochunguzwa wakizizuia hawakuonyesha mlipuko huo.

Dalili za kwamba zoezi linakwenda kombo zinaonekana. Mtoto akilalamika shingo inauma, anakaza mno. Uso ukivimba mashavu, anabana pumzi. Kidevu kikianza kushuka chenyewe kila wakati hata pasipo kubana, rudi kwa mtaalamu mbadilishe tendo. Na msianze na tiki mbili kwa pamoja. Ichaguliwe moja, ile inayomsumbua mtoto mwenyewe kuliko zote, hata kama wewe inakukera nyingine.

Nyumbani alichaguliwa mkumbushaji mmoja tu, mama yake. Jioni, wakati wa kuchambua maharage, muda ambao tiki zilikuwa nyingi, mama akiona shingo imeruka bila zoezi alisema kwa sauti ya kawaida, "Kidevu, mwanangu." Akiliona limefanyika, alimsifu kwa neno moja, basi. Nje ya muda huo hakuna aliyeitaja tiki, wala dada yake hakuruhusiwa kuiga. Tuligundua pia kwamba shingo ilipozidi alikuwa anasamehewa kuosha vyombo. Hilo tuliliondoa bila ukali: anafanya zoezi, kisha anaosha. Shuleni tuliomba mwalimu asimtoe nje wala asimkaripie, na amruhusu kukaa pembeni, mahali ambapo hatazamwi na darasa zima.

Shingo imepungua kiasi kwamba mgeni haioni, ingawa wakati wa mitihani huongezeka tena. Baadaye ilikuja tiki ya kusafisha koo. Kidevu hakiwezi kuizuia hiyo, kwa hiyo kila kitu kilianza upya: kioo, kidole, kutafuta kunaanzia wapi. Safari hii ilikuwa mtekenyo kooni, na tendo lake ni kufunga mdomo, kuvuta pumzi polepole puani mpaka tumbo lijae, kisha kuitoa taratibu kwa mdomo, tena na tena mpaka mtekenyo uishe. Kama tiki ya mwanao inamuumiza mwili au inamzuia kulala na kusoma, mwambie daktari, maana zipo pia dawa, na mafunzo haya yanaweza kwenda nazo pamoja.