Fundi akisema "moja kwa tatu", muulize moja ya nini

Wiki hii msomaji mmoja, mwanafunzi wa usanifu majengo, ameniandikia kuwa amerekodi saa mbili za mazungumzo na fundi mwashi mzee wa Mji Mkongwe, Zanzibar, na akisikiliza haoni cha kuandika. Alimuuliza, "Zamani mlijenga vipi?" Mzee akajibu, "Tulijenga vizuri, si kama siku hizi." Inaniuma kila ninapokutana na jambo hili, kwa sababu mzee yule hakukosa la kusema. Swali ndilo halikumpa pa kushika.

Fundi hukumbuka kwa mikono. Kwa hiyo nenda na ndoo ndogo ya mchanga, chokaa iliyozimwa, mwiko, utepe wa kupimia na kipande cha boriti, au mkae karibu na ukuta aliowahi kuujenga. Chukua mfano wa udongo wa kujengea. Akisema "moja kwa tatu", bado hujapata kitu. Moja ya debe au ya karai? Karai la kufuta au lenye kilima? Chokaa ya rojo au unga mkavu? Debe la rojo zito lina chokaa nyingi kuliko debe la unga, na mchanga wenye unyevu huvimba, basi "moja kwa tatu" mbili zinaweza kuwa udongo wa aina mbili. Muulize pia kama mchanganyiko huo ni wa msingi, wa ukuta au wa lipu, na kama walitia udongo mwekundu. Kisha mwombe akuchanganyie kidogo. Atakapokwambia "bado, ongeza", hapo ndipo pa kuuliza: "Umeonaje kuwa bado?"

Vipimo navyo ni hivyo hivyo. Akikwambia ukuta ulikuwa dhiraa moja na shubiri, mwombe aoneshe kwa mkono wake, uweke utepe, uandike neno lake pamoja na sentimita ulizopata. Usigeuze kimyakimya. Boriti zilihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, na asiyejua hilo huandika "korija tatu" akidhani ni boriti tatu.

Jihadharini na swali lenye jibu ndani yake. Ukiuliza, "Mlitia mayai kwenye chokaa, sivyo?" mzee mwenye adabu hatakuvunja, atasema ndiyo. Uliza, "Mlitia kitu gani kingine?" kisha nyamaza, hata kimya kikikuchoma. Akitaja mayai mwenyewe, fuatia: nani aliyanunua, mangapi kwa ndoo moja, uliyaona au uliambiwa? Vya kuonwa na vya kusikiwa vyote vina thamani, lakini visiandikwe safu moja.

Mwaka usiuulize moja kwa moja. Uliza kama kazi ile ilikuwa kabla au baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na kama majumba ya Michenzani yalikwisha kuanza. Aliyezaliwa 1940 alikuwa na miaka 24 au karibu yake wakati wa Mapinduzi. Je, alikuwa bado mwanagenzi au alishashika timazi mwenyewe?

Tarehe hiyo inatuleta kwenye ridhaa. Baada ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, na fundi anapotaja nani alikuwa mwenye nyumba anaweza kugusa mgogoro ambao haujaisha. Pita kwa sheha ukiwa na kibali chako, kisha siku ya kwanza nenda bila kinasa sauti. "Shikamoo, fundi," ukae, ueleze unatafuta nini. Ridhaa iombwe vipande vipande: kurekodi, kutaja jina lake, kupiga picha, kuweka sauti mtandaoni. Anaweza kukubali viwili akakataa viwili. Isome kwa sauti na jibu lake lirekodiwe, kwa kuwa wapo wazee wanaosoma herufi za Kiarabu vizuri kuliko za Kirumi na wataweka sahihi kwa kukuonea haya tu. Akisema "hili usiandike", zima, na baadaye lifute mbele yake.

Panga kukaa saa tatu asubuhi, umalize kabla ya adhana ya adhuhuri. Dakika 90 zinatosha. Chumba cha mawe kina mwangwi, basi tandika mkeka na utundike kanga mbili nyuma yako. Feni izimwe. Maikrofoni ya kubana iwe shubiri moja chini ya kidevu, isikwaruzwe na kanzu. Rekodi WAV, biti 24, 48 kHz. Stereo hula karibu GB 1 kwa saa. Sauti ya juu kabisa isivuke -6 dB, maana iliyopasuka haitengenezeki. Rekodi dakika moja, usikilize kwa vipokea sauti vya masikioni, ndipo uanze. Jioni ile ile nakili sehemu mbili, kwa jina kama `2025-03-14_fundi03_01.wav`, na orodha ya majina halisi ikae kando na sauti.

Kisha rudi kwa mzee na orodha ya maneno yake uliyoyaandika, umsomee moja moja. Hapo ndipo atakapokwambia kuwa lile karai lilikuwa la kufuta.