Stopu ya aliyenunua haishuki, hata mstari wa Chandelier ukishuka

«Nimenunua dhahabu na ninafuata mwenendo kwa Chandelier ya siku 22 na kizidisho 3. Tangu juzi mstari unateremka. Je, niishushe stopu yangu niufuate?»

Usiishushe. Stopu ni amri ya kuuza bei ikishuka hadi kiwango ulichoweka, nayo kazi yake ni kukutoa. Kama umekwisha kuishusha, irudishe ilipokuwa kabla hujaendelea kusoma. Na kama bei imeshapita hapo, funga biashara hiyo.

Mstari huo hauteremki kwa sababu soko limekupa ruhusa ya kusubiri, bali kwa sababu ya hesabu tu. Kanuni ya Chandelier inachukua kilele cha juu kabisa cha siku 22 na kutoa ATR mara tatu, na ATR ni wastani wa upana wa mwendo wa bei kwa siku, ikihesabu pia pengo kutoka bei ya kufunga ya siku iliyotangulia. Soko linapotaharuki baada ya kupanda kwa muda mrefu, upana huo unakua ilhali kilele kimesimama palepale, kwa hiyo mstari unazama wakati uleule ambao ungepaswa kukulinda.

Tazama kwa namba nilizozifanya za mviringo. Umenunua kwa 2,000, kilele kimefika 2,100, ATR ni 20, kwa hiyo stopu iko 2,040. Sasa zije siku tano ambazo bei inachezacheza kwa upana wa 42 kila siku bila kuvuka kilele. Kwa ulainishaji wa Wilder, yaani ATR ya jana mara 21, jumlisha upana wa leo, gawanya kwa 22, ATR ya siku 22 inapanda siku ya kwanza hadi 21, na siku ya tano inakaribia 24.6, na mstari umeshuka hadi takriban 2,026. Siku ya sita bei inagusa 2,040, nawe, kwa kuwa umeufuata mstari, bado umo ndani. Upana ukiendelea hivyo, siku ya saba ATR inafika 26. Kisha kile kilele cha 2,100 kinatimiza siku zake 22 na kutoka kwenye dirisha, kilele kinachobaki ni 2,092, na mstari unaangukia 2,014. Faida iliyokuwa imelindwa ya 40 imekuwa 14, na hakuna mtu aliyekuibia; umeiteremsha mwenyewe kwa mkono wako, siku baada ya siku, ukidhani unafuata utaratibu.

Najua hivyo kwa sababu nimepita njia hiyo, tena si kwa namba za mviringo. Aliyenifundisha, katika kundi la kulipia, alikuwa akisema «iache stopu ipumue», na kila mstari uliposhuka alituma picha ya chati yenye mshale wa kijani. Stopu yangu ilipumua vizuri sana; aliyekosa pumzi ni mimi. Nilipomuuliza, alijibu kwamba sikuwa na nidhamu, jambo la ajabu kumwambia mtu aliyetii kila neno lake. Ada nililipa mara mbili, kwake na sokoni, kwa hiyo naomba nihesabiwe kuwa mhitimu.

Tena kuna hasara ambayo hakuitaja kabisa. Ukubwa wa biashara uliupanga kwa umbali wa stopu: ukikubali kupoteza asilimia 1 ya akaunti kwa umbali wa 60, basi umbali ukipanuka hadi 80 kabla bei haijapanda, hasara inapita asilimia 1.3 bila wewe kuamua lolote.

Chuck LeBeau, aliyeibuni njia hii, aliitundika stopu kwenye kilele kilichofikiwa tangu kuingia katika biashara, na kwa namna hiyo kilele hakipotei kwa kupitwa na siku. Lakini hata hapo ATR inayokua huuteremsha mstari, kwa hiyo lazima liwekwe kufuli la kuizuia stopu isishuke. Kwenye Pine Script, lugha ya programu ya chati za TradingView, ndani ya strateji, linaandikwa hivi:

```
var float stopu = na
mpya = ta.highest(high, 22) - 3 * ta.atr(22)
stopu := strategy.position_size > 0 ? math.max(nz(stopu, mpya), mpya) : na
```

Kwa mkono ni rahisi zaidi: kila mshumaa wa siku unapofungwa, linganisha namba mpya na stopu iliyoko kwa dalali, ubakize iliyo juu. Usihesabu kabla mshumaa haujafungwa, maana kilele cha saa moja kitakubana ukiwa katikati ya mwendo.

Utatolewa mara nyingine, kisha bei ipande bila wewe, na itakuuma. Ikivuka kilele cha zamani, nunua upya kwa stopu mpya na ukubwa mpya. Kufuli halizuii pengo pia: tarehe 15 Januari 2015, Benki ya Taifa ya Uswisi ilipoondoa kiwango cha faranga 1.20 kwa euro, amri nyingi zilitekelezwa mbali sana na bei zilizoandikwa. Hilo hupunguzwa kwa ukubwa wa biashara, na kuishusha stopu hakukusaidii hata siku kama ile.