Jozi zimelingana, lakini watoto wa hospitali wanaonekana kufa zaidi

*Nina data ya akina mama wa Pemba waliojifungulia hospitali na nyumbani. Nimewaoanisha kwa alama ya uwezekano: umri, idadi ya uzazi, elimu, mali na umbali. Jozi zimelingana vizuri, lakini hatari ya mtoto kufa ndani ya siku 28 imetoka mara 1.8 kwa waliozaliwa hospitali (masafa ya uhakika 1.1 hadi 2.9). Naweza kuandika kwamba hospitali inaongeza vifo?*

Hapana, usiandike hivyo. Alama ya uwezekano inajua mambo matano tu uliyoipa. Jozi zikilingana, maana yake makundi yanafanana kwa wastani katika hayo matano. Jambo la sita ambalo halimo kwenye data linabaki lilivyokuwa, labda liwe linafuatana na mojawapo ya hayo.

Kwanza hakikisha uoanishaji wenyewe umekaa sawa:

```r
m <- matchit(hospitali ~ umri + uzazi + elimu + mali + umbali,
             data = d, method = "nearest", distance = "glm",
             link = "linear.logit", caliper = 0.2)
summary(m)
```

Ukiacha `link = "linear.logit"`, ile 0.2 itapimwa kwenye uwezekano wenyewe, si kwenye logiti, na mpaka unaopendekezwa ni 0.2 ya mchepuko sanifu wa logiti. Safu ya `Std. Mean Diff.` ibaki chini ya 0.1. Angalia pia akina mama wangapi wa hospitali wamekosa jozi na wanatoka wapi. Ukipoteza wengi wa mjini Chake Chake, jibu lako haliwahusu tena.

Sasa hilo la sita. Mama aliyepanga kuzalia nyumbani na mkunga wa jadi, akaanza kutoka damu au uchungu ukapita kiasi, ndiye anayekimbizwa hospitali. Jirani yake mwenye umri, elimu na umbali uleule, ambaye uchungu wake ulikwenda salama, amebaki nyumbani. Umewaoanisha hao wawili kana kwamba walifika hospitali au kubaki nyumbani kwa bahati tu.

Tufanye hesabu kwa namba za kudhania. Tuseme matatizo yaliyoanza kabla ya kuondoka nyumbani yanazidisha hatari ya mtoto kufa mara 6, na walikuwa nayo asilimia 30 ya akina mama wa hospitali, na asilimia 8 ya wa nyumbani. Upotofu unaozaliwa ni (1 + 5 × 0.30) ÷ (1 + 5 × 0.08), yaani 2.5 ÷ 1.4, karibu 1.79. Gawa 1.8 kwa 1.79 na unabaki na 1.0: athari yote imeondoka. Wa nyumbani wakiwa asilimia 4 badala ya 8, upotofu unafika 2.08 na jibu linageuka kuwa 0.86, hospitali inalinda.

Amri ya `evalues.RR(1.8, 1.1, 2.9)` ya kifurushi cha `EValue` itakupa 3.0, na 1.43 kwa mpaka wa chini. Sababu iliyofichika yenye uhusiano wa mara 3 na mahali pa kuzalia, na mara 3 na kifo, inaweza kufuta matokeo yako. Matatizo ya uzazi yanafika hapo bila shida.

Usijaribu kuziba pengo kwa kuchukua matatizo kutoka faili la wodi ya wazazi. Waliozalia nyumbani hawana faili, kwa hiyo wote wataonekana wazima. Tena faili linachanganya yaliyoanza nyumbani na yaliyotokea baada ya kufika, na haya ya pili hayafai kuoanishwa kwa sababu yanaweza kuwa ni matokeo ya huduma yenyewe.

Dalili moja unaweza kuitafuta leo. Gawa jozi kwa umbali. Mama wa Makoongwe au Kisiwa Panza, anayelazimika kupanda chombo, haendi hospitali bila sababu nzito kama anavyoweza kwenda wa Mkoani mjini. Namba ikiwa karibu na 1 kwa walio karibu na ikapanda kwa walio mbali, shaka ya matatizo yaliyofichika inazidi. Haithibitishi, maana kuchelewa njiani nako kunaua. Tena, kwa kuwa umbali nao unaamua nani aende hospitali, kuoanisha kwa umbali kunaweza kukuza upotofu badala ya kuupunguza: ukishaondoa umbali, kinachobaki kuamua nani aende ni hasa yale matatizo. Endesha tena bila umbali, uweke majibu yote mawili kwenye jedwali.

Kama bado inawezekana kurudi kwenye shehia, waulize akina mama wa makundi yote mawili, kwa maneno yaleyale: ulipanga kuzalia wapi, na ni dalili gani ya hatari iliyoanza kabla hujatoka nyumbani? Kisha linganisha kwa mahali walipopanga. Aliyepanga nyumbani akaishia hospitali abaki upande wa nyumbani.